Damu ya aliyeuawa ni haki ya nani? Adhabu ya kifo na msamaha katika dini

*Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, Tanga. Darasa letu la maadili limepewa insha ndefu kuhusu adhabu ya kifo na msamaha katika dini mbalimbali. Rasimu yangu inasema Uislamu na Uyahudi vinakubali kuua, Ukristo na Ubudha vinakataa, Uhindu uko katikati. Mwalimu wetu ameirudisha na kuandika pembeni: "Umepanga kabati, hujaandika hoja." Nifanyeje?*

Marahaba. Mwalimu wenu amekuambia kweli, na rasimu yenyewe ina tatizo kabla hata ya kufika kwenye hoja, kwa sababu si sahihi. Dini zote ulizozitaja zimewahi kukubali mkosaji auawe, na zote zina watu wakubwa waliosimama kumtetea asiuawe. Ukiziuliza "unakubali au unakataa?" kila moja itakujibu "inategemea", nawe utabaki na aya tano zinazosema inategemea.

Jaribu kubadilisha swali. Usiulize kama muuaji anastahili kufa. Uliza ni nani mwenye haki ya kumsamehe. Hapo ndipo dini zinapoachana kwelikweli, na pengine si pale ulipotarajia. Nitakuonyesha njia hiyo nikianza na dini mbili ulizozitia kwenye fungu moja, kwa maana katika jambo hili Uislamu na Uyahudi vinakaribia kupeana mgongo.

Anza na Suratul Baqara, aya ya 178. Wanafunzi wengi huishia kwenye nusu ya kwanza, inayowaandikia waumini kisasi kwa waliouawa. Soma iliyobaki. Papo hapo aya inasema kwamba aliyesamehewa chochote na ndugu yake, basi mwenye haki adai kwa wema na mwenye kudaiwa alipe kwa ihsani, na kwamba hiyo ni tahafifu, yaani nafuu, na rehema kutoka kwa Mola. Angalia muuaji na mfiwa wanavyoendelea kutajwa kuwa ndugu ndani ya sentensi moja na kisasi. Kisha nenda Suratul Israa, aya ya 33: aliyeuawa kwa dhulma, walii wake amepewa mamlaka, ila asipindukie mpaka katika kuua. Mamlaka hayo yako kwa jamaa wa marehemu. Kadhi husikiliza ushahidi na kuthibitisha kosa, lakini uamuzi wa mwisho si wake, wala si wa sultani.

Wanafikihi, wataalamu wa sheria ya Kiislamu, waliyageuza maneno hayo kuwa utaratibu, na utaratibu ndio utakaoipa insha yako uzito. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, haki ya kisasi ni ya warithi wote, wanawake kwa wanaume, mke wa marehemu naye akiwamo. Wana njia tatu: kudai muuaji auawe, kupokea diya, yaani fidia ya damu, ambayo kiasi chake cha asili ni ngamia 100, au kusamehe bila kuchukua kitu. Mrithi mmoja tu akisamehe, kisasi kimeanguka kwa wote, na waliobaki wanabaki na mafungu yao ya diya. Kama miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, muuaji hawekwi huru wala hauawi. Anazuiliwa mpaka mtoto abaleghe aseme mwenyewe anataka nini. Tafakari maana yake: mtoto wa miaka mitatu anaweza kusimamisha kitanzi kwa miaka zaidi ya kumi bila kutamka neno.

Mfano hai ninaoupendekeza ni wa mji wa Noor, kaskazini mwa Iran, Aprili 2014. Kijana mmoja alikuwa amemchoma kisu mwenzake katika ugomvi wa mtaani, miaka saba nyuma. Asubuhi ya siku ya kunyongwa alisimamishwa juu ya kiti mbele ya umati, macho yamefungwa, kamba shingoni. Mama wa marehemu alikuwa ameshampoteza mtoto mwingine katika ajali, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akisema hatasamehe. Alisogea, akapanda juu ya kiti, akamzaba yule kijana kofi la uso. Kisha yeye na mumewe wakaitoa kamba shingoni mwake. Picha zilizosambaa duniani zinaonyesha kofi lile, na nyingine zinamwonyesha mama wa muuaji akiwa amemkumbatia mama wa aliyeuawa, wote wakilia.

Ukitumia mfano huu, usiuandike kama hadithi ya huruma tu. Una mambo mawili ya kisheria ndani yake. La kwanza, Iran wanafuata fikihi ya Kishia ya Jaafari, na huko mrithi mmoja akisamehe, wenzake bado wanaweza kudai kisasi mradi wamlipe muuaji au jamaa zake fungu la aliyesamehe. Kwa hiyo usichanganye Noor na Shafi uliyemwandika aya iliyotangulia, msahihishaji anayejua atakukamata. La pili, yule kijana hakurudi nyumbani siku ile. Msamaha wa familia unaondoa kifo, lakini sheria ya Iran inairuhusu dola kumfunga muuaji kati ya miaka 3 na 10 kwa kuvunja amani ya umma. Mama alikuwa na neno la mwisho juu ya uhai wake, hakuwa na neno juu ya kifungo chake.

Sasa njoo kwa Wayahudi. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35 mstari wa 31, kinapiga marufuku kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa muuaji aliyestahili kufa. Mstari wa 33 unaeleza sababu: damu inaitia nchi unajisi. Hapa damu haidaiwi na familia peke yake, inadaiwa na ardhi na Mungu aliyeitoa, basi mjomba au shangazi hawezi kuipatana kwa mbuzi wala kwa fedha. Diya, ambayo Qurani inaiita tahafifu, Torati imeifungia mlango. Unaona kwa nini sikutaka uziweke dini hizi fungu moja?

Lakini usikimbilie kuandika kwamba basi Wayahudi wanapenda kuua. Marabi walioirithi sheria hiyo waliizungushia masharti mpaka ikawa vigumu mno kuitekeleza. Mashahidi wawe wawili na wawe wameona kwa macho yao, ushahidi wa mazingira haukubaliki. Mkosaji awe ameonywa kabla tu ya kutenda kwamba kitendo hicho adhabu yake ni kifo, naye awe amekubali onyo. Ni muuaji gani atasimama kuitikia onyo kisha aendelee? Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, sehemu inayoitwa Makot, kuna mabishano mafupi ambayo ningekushauri uyaweke katikati kabisa ya insha. Inasemwa kwamba baraza linaloua mtu mmoja katika miaka 7 ni baraza la maangamizi. Rabi Eleazari bin Azaria anasema: hata mmoja katika miaka 70. Rabi Tarfoni na Rabi Akiva wanasema: tungekuwa sisi katika baraza, asingeuawa mtu kamwe. Ndipo Rabani Shimoni bin Gamalieli anawajibu kwamba wao wangezidisha wamwagaji damu katika Israeli.

Mishna haimpi mshindi. Inaacha pande zote mbili zisimame, na wewe pia usizilazimishe kupatana. Ila taja kwamba wakati maneno haya yanasemwa, mamlaka ya kuua yalikuwa yameshawatoka Wayahudi yakiwa mikononi mwa Warumi. Ni rahisi kuwa mpole kwa upanga usio nao, na mtu mwenye jicho kali angekuuliza hilo.

Na msamaha je? Marabi wanafundisha kwamba hata Siku ya Upatanisho haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka kwanza amwendee huyo mwenzake amridhishe. Sasa mwenzake huyo akiwa ameuawa? Maimonide, mwanasheria mkuu wa karne ya 12, aliandika kwamba aliyemkosea mtu akafa kabla hajamridhisha, alete watu kumi kaburini na kukiri mbele yao. Anaweza kukiri, lakini anayetakiwa kujibu hayupo tena. Ndiyo maana kwa wanafikra wengi wa Kiyahudi mauaji ni kosa ambalo hakuna binadamu hai anayeweza kulisamehe kikamilifu, mama wa marehemu naye akiwamo. Yeye anaweza kusamehe uchungu wake. Uhai uliotoka si wake kuusamehe.

Hilo lilijitokeza wazi katika kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa. Israeli ilikuwa imefuta adhabu ya kifo kwa mauaji ya kawaida mwaka 1954, ikaibakiza kwa makosa kama yale ya Wanazi. Alipohukumiwa, mwanafalsafa Martin Buber, Myahudi mcha Mungu, alimwendea Waziri Mkuu David Ben-Gurion kuomba asinyongwe. Rais Yitzhak Ben-Zvi alikataa maombi ya huruma, na Eichmann akanyongwa usiku wa kuamkia Juni 1, 1962. Buber hakudai kwamba Eichmann amesamehewa, wala hakujiona na haki ya kumsamehe kwa niaba ya mamilioni waliokufa. Aliomba asiuawe tu. Kutosamehe na kutoua vinaweza kukaa katika moyo mmoja, na rasimu yako haikuliona hilo kwa sababu ilidhani anayepinga kitanzi lazima awe amesamehe.

Ukristo wengi huuandika kwa Yohana sura ya 8, yule mwanamke aliyekuwa karibu kupigwa mawe. Mimi ningeutumia mstari huo kwa tahadhari. Kesi ile ni ya uzinzi, si ya mauaji, na kisa chenyewe hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili hiyo. Mahali pazuri zaidi ni Waraka kwa Warumi, kwa sababu pale Paulo ameweka mambo mawili yanayogombana karibu karibu. Sura ya 12, mstari wa 19, inawakataza waumini kujilipizia kisasi, kwa kuwa kisasi ni juu ya Bwana. Mistari michache mbele, sura ya 13 mstari wa 4, mtawala anaitwa mtumishi wa Mungu ambaye hauchukui upanga bure. Ukisoma bila kusimama kwenye namba ya sura, ambayo Paulo hakuiandika, utaona mgawanyo: mfiwa anaamriwa kuachilia, na dola inaachiwa upanga.

Mgawanyo huo ulitawala kwa karne nyingi. Thomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtawala anaweza kumuua mkosaji kwa manufaa ya jumuiya kama tabibu anavyokata kiungo kilichooza. Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 16, walikubali kwamba Mkristo anaweza kushika madaraka na kuadhibu waovu kwa upanga. Dola ya Vatikani yenyewe, tangu ilipoundwa mwaka 1929 hadi 1969, ilikuwa na adhabu ya kifo katika sheria zake kwa atakayejaribu kumuua Papa, ingawa haikuitekeleza. Kwa hiyo sentensi yako "Ukristo unakataa" ingewashangaza Wakristo wengi wa miaka mia mbili iliyopita.

Kilichobadilika kwa Wakatoliki kina tarehe. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba kesi ambazo ni lazima kabisa kumuua mkosaji sasa ni adimu sana, kama zipo, kwa kuwa magereza ya leo yanaweza kuilinda jamii. Mwaka 2018 Papa Fransisko alibadilisha namba 2267 ya Katekisimu, ikawa adhabu hiyo haikubaliki. Pima sababu zinazotolewa: heshima ya binadamu isiyopotea hata baada ya kosa kubwa, na uwezo wa jamii kujilinda bila kuua. Hakuna mahali Katekisimu inasema adhabu iondolewe kwa sababu mfiwa amesamehe. Msamaha bado ni amri kwa kila mtu, lakini haubebi uzito wowote wa kisheria. Mama Mkristo akimsamehe muuaji wa mwanawe ametimiza Sala ya Bwana, na hakimu anaendelea na faili lake kama kawaida. Wakristo wengine, hasa makanisa kadhaa ya kiinjili ya Marekani, bado wanashika Mwanzo 9:6 na kutetea kitanzi. Lakini nao, mfiwa wamemwacha pembeni vilevile.

Uhindu na Ubudha nitavipitia kwa kisa kimoja kimoja, na sidhani insha yako inahitaji zaidi.

Mahatma Gandhi aliuawa kwa risasi Januari 30, 1948, na Mhindu mwenzake. Muuaji na mshirika wake mmoja walihukumiwa kunyongwa. Wana wawili wa Gandhi, Manilal na Ramdas, waliomba wasinyongwe kwa kuwa baba yao aliyeishi kwa kutodhuru asingetaka. Serikali iliyokuwa ikimwita Gandhi baba wa taifa ilikataa, na wote wawili wakanyongwa katika gereza la Ambala Novemba 15, 1949. Nyuma ya kukataa kule kuna sheria ya kisasa ya Waingereza, lakini lipo pia wazo la kale la Kihindu kwamba adhabu ni wajibu wa mfalme usiokwepeka. Sheria za Manu zinasema aliyekosa akaadhibiwa na mfalme hutakasika na kwenda mbinguni sawa na watu wema. Kwa mtazamo huo, kumwondolea adhabu ni kumnyima nafasi ya kusafishwa. Unaweza kuukataa, lakini ujue kwamba kwa anayeushika, msamaha si zawadi.

Kwa Wabudha chukua kisa cha Angulimala, mnyang'anyi aliyejivisha shada la vidole vya aliowaua. Alikutana na Buda, akaacha silaha, akawa mtawa. Mfalme Pasenadi alikuja na wapanda farasi 500 kumkamata, akamkuta amenyoa kichwa na amevaa joho, akaacha kumkamata na badala yake akajitolea kumpa mahitaji ya kitawa. Wengi huishia hapo. Lakini kisa kinaendelea: Angulimala alipokwenda kuomba chakula alipigwa kwa mawe na vigae, akarudi kichwa kimepasuka na bakuli limevunjika, naye Buda akamwambia avumilie, kwani hayo ni matunda ya vitendo ambavyo vingemtesa kwa miaka mingi motoni. Mfalme aliweza kuuweka upanga chini, ila tendo halisamehewi na mtu, linaiva lenyewe. Tena kanuni za kitawa zinasimulia kwamba watu walipolalamika, Buda alikataza wanyang'anyi wanaojulikana kupokewa utawani, yaani mlango alioingilia Angulimala ulifungwa nyuma yake. Na usiandike kwamba nchi za Kibudha haziui. Bhutani ilifuta adhabu hiyo mwaka 2004, Tailandi ilimuua mfungwa mwaka 2018.

Sasa lete mambo nyumbani, kwa sababu swali la nani anasamehe linauma zaidi hapa kwetu. Chukua mama mmoja wa Tanga, wa kubuni, mwanawe ameuawa na jirani kwa kukusudia, ushahidi umetosha, naye mbele ya Jaji wa Mahakama Kuu anasema: nimemsamehe, msimnyonge.

Kwa fikihi ya Shafi kesi ya kisasi imekwisha pale pale, hata mumewe akichukia. Kwa Torati maneno yake hayagusi hukumu. Kwa Paulo ametimiza wajibu wake, na upanga unabaki kwa mtawala. Na kwa sheria ya Tanzania? Kesi ile jina lake ni Jamhuri dhidi ya fulani. Mama si upande wa kesi, ni shahidi tu kama aliitwa. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kimemfunga Jaji mikono: akishamtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia hana hukumu nyingine ila kifo, isipokuwa kwa mjamzito au aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alisema adhabu hiyo inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kunyonga ni ukatili na udhalilishaji, lakini ikasema Katiba inauruhusu kwa maslahi ya umma. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha Jaji kutoa hukumu moja tu kunavunja haki ya kuishi.

Anayeweza kumsamehe yule jirani ni mtu mmoja, Rais, kwa ibara ya 45 ya Katiba. Hakufiwa, hamjui marehemu, na si lazima aulize familia. Kwa upande wa pili, tangu 1994 hakuna aliyenyongwa Tanzania Bara wala Visiwani, na Desemba 2017 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Je, familia za waliouawa na hao 61 ziliridhia? Swali hilo sheria haina mahali pa kuliuliza. Ukilinganisha na Noor, ambako mama ndiye aliyeshika kamba, utaona nchi yetu imechukua mgawanyo wa Warumi 13 kupitia Waingereza na kuutumia kwa raia wa dini zote.

Kenya waligusa mpaka huu. Mei 2013, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kuondolewa kwa shtaka la mauaji baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana kwa mila na dini yao, fidia ikiwa ya ngamia, mbuzi na mengineyo. Mwendesha mashtaka mwenyewe ndiye aliyeomba, na ikaegemewa ibara ya 159 ya Katiba ya 2010, inayotaka njia za jadi za kusuluhisha migogoro zikuzwe. Uamuzi huo ulizua mabishano makali miongoni mwa mawakili, na una wapinzani hadi leo. Usiutaje kama desturi iliyokubalika.

Sababu ya mabishano ndiyo inayokupa aya yako ngumu kuliko zote. Kumpa mfiwa neno la mwisho kunapendeza mpaka umwone tajiri anayeweza kulipa na maskini asiyeweza, au familia iliyoshurutishwa kusamehe na wenye nguvu. Pakistani iliingiza kisasi na diya katika sheria zake, na tatizo likatokea pale mtu alipomuua dada yake kwa kisingizio cha heshima ya ukoo: walii wa marehemu ni wazazi walewale wa muuaji, wanasamehe, naye anatoka. Oktoba 2016 bunge lao lilipitisha sheria ya kifungo cha maisha kwa mauaji ya namna hiyo hata kama familia imesamehe. Hata hivyo mwaka 2022 mahakama ya rufani ilimwachia mmoja aliyekuwa amemnyonga dada yake, msanii wa mitandaoni, baada ya mama yao kusamehe. Wanafikihi wenyewe walijua hatari ya haki hii kutumika vibaya. Kwa aliyeua katika unyang'anyi wa njiani, kwa mujibu wa Suratul Maida aya ya 33, wengi wao walisema warithi hawana msamaha, kwa kuwa hapo aliyedhulumiwa ni umma mzima.

Kwa mpangilio, basi: fungua na yule mama wa kubuni na swali la nani anasamehe, kurasa moja na nusu kwa Uislamu na Uyahudi zikiwa zinatazamana, moja kwa Ukristo, nusu kwa Gandhi na Angulimala, na zilizobaki uzitumie kwa Tanzania, Kenya na Pakistani. Usisawazishe urefu ili kuonekana huna upendeleo. Ukishika msimamo kwamba mfiwa apewe nafasi ya kusikilizwa, lazima ujibu kuhusu yule dada wa Pakistani. Ukishika kwamba dola ibaki na neno la mwisho, lazima ujibu kwa nini Rais asiyemjua marehemu anaweza kusamehe na mama aliyemzaa hawezi. Mimi nina jibu langu, lakini insha ni yako, na ningependelea kusoma la kwako kwanza.